Mtoto haendi shule leo: lugha ya grupu la wazazi na lugha ya inboksi ya mwalimu

Machi mwaka jana, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mvua ikiwa imenyesha Tabora usiku kucha, mama mmoja aliandika kwenye grupu letu la wazazi wa darasa la tatu: "Wazazi wenzangu na mwalimu wetu, kwa masikitiko leo hatunaye Hamisi." Akaweka simu chini, akaenda kukoroga uji. Aliporudi alikuta jumbe kumi na tisa. Waislamu wamesharejesha kwa Mola, Wakristo wamesharejesha kwa Bwana, mtu wa Isevya anauliza mazishi saa ngapi ili apite kabla ya kwenda kazini, na mweka hazina ameshaanza orodha ya rambirambi yenye majina matatu na kiasi mbele ya kila jina. Hamisi mwenyewe alikuwa amekaa mkekani, ana homa kidogo, anatafuna andazi.

Majina ya watoto humu nimeyabadili, lakini tukio ni hilohilo. Hakuna aliyekosea kuelewa. Kwa Kiswahili chetu, ukishasema "kwa masikitiko" ukaongeza "hatunaye", umeshachimba kaburi. Mama wa watu alitaka tu kuwa na adabu mbele ya wazazi 58, na ile adabu ya hadhara ikamponza.

Mimi ni katibu wa grupu hilo. Nilisomea uhazili hapahapa mjini, kwa hiyo wenzangu huniletea ujumbe niwanyooshee kabla hawajatuma, na swali ni lilelile: niandike kwenye grupu, au nimfuate mwalimu inboksi? Na nikimfuata, niandikeje? Nimeona kwamba wengi wetu tunageuza mambo. Kwenye grupu tunamwaga kila kitu, hadi picha ya upele. Kwa mwalimu tunaandika "mtoto hajisikii vizuri" basi. Inatakiwa iwe kinyume chake.

Mwalimu anatafuta nini kwenye ujumbe wako

Ingia darasa lolote la msingi asubuhi utazame kona ya ubao. Kuna idadi ya walioandikishwa, waliopo, kisha wasiopo wamegawanywa: wagonjwa, wenye ruhusa, watoro. Mwalimu wa darasa akishaita majina, kila mtoto ambaye hakuitika lazima aangukie kwenye mojawapo ya mafungu hayo matatu. Asiye na habari yoyote huangukia la mwisho.

Kwa hiyo ujumbe kwa mwalimu una kazi moja: kumwezesha kumweka mtoto kwenye fungu sahihi na kujua atarudi lini. Grupu halijazi rejista. Wazazi 58 hawahitaji kujua kama mwanao ni mgonjwa au ana ruhusa, hawana mahali pa kuandika. Wanachoweza kukupa wao ni pole, dua, ushauri wa dawa, mchango, na maneno ya pembeni. Ukijiuliza unataka kipi kati ya hivyo, nusu ya jibu umeshalipata.

Kuna la kiufundi pia ambalo wengi hawalijui. Kwenye inboksi, tiki mbili zikigeuka bluu unajua mwalimu amefungua, isipokuwa kama amezima alama hizo kwenye simu yake. Kwenye grupu, tiki haziwi bluu mpaka kila mwanachama awe amesoma, na kwenye grupu la watu 58 daima kuna baba aliyeko machimboni bila mtandao. Unaweza kubonyeza ujumbe wako kwa muda ukatazama orodha ya waliosoma, ndiyo, lakini nani anafanya hivyo saa kumi na mbili asubuhi? Mzazi huona "pole sana" kumi na mbili zimeingia, akaamini taarifa imefika. Mwalimu yuko njiani anaendesha baiskeli. Akifika anakuta grupu lina jumbe arobaini, anasoma za chini, anaingia darasani. Mtoto anaandikwa mtoro huku mji mzima ukimwombea.

Kisa kimoja, sehemu mbili: tetekuwanga

Jumatatu tarehe 11 Novemba 2024 mtoto nitakayemwita Zuhura hakuja shule. Vipele vilianza kumtoka Jumapili, jioni wakampeleka kituo cha afya wakaambiwa ni tetekuwanga. Mama yake alinitumia alichotaka kupeleka kwenye grupu. Kilikuwa hivi:

> "Asalaam aleykum wazazi. Zuhura ameamka na vipele mwili mzima vinatoa maji, wanasema tetekuwanga. Naombeni dua zenu na anayejua dawa. 🙏" (pamoja na picha ya mgongo wa mtoto)

Nikamwomba asitume, nikamwambia kitakachofuata, maana nimekiona kwa mtoto mwingine. Kwanza zitakuja dua. Kisha mwarobaini. Kisha mtu mmoja atauliza, "Sasa mbona Ijumaa alikuja shule?" Hapo maongezi yatabadilika, na mama atajikuta anajitetea mbele ya watu ambao nusu yao hawajui hata sura yake. Na utetezi wake ni wa kweli lakini mgumu kuueleza kwenye ugomvi: mwenye tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza kuonekana. Ijumaa tarehe 8 Zuhura alikuwa mzima kwa macho ya kila mtu, pamoja na mama yake.

Halafu ile picha. Mgongo wa mtoto wa kike wa miaka tisa kwenye simu 58, na simu za nyumbani kwetu hushikwa na kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Sisemi polisi watakuja kwa picha ya tetekuwanga. Nasema hata waliotunga sheria waliona haya mawili ni ya kushikwa kwa uangalifu, na hapa yamekutana kwenye picha moja.

Tuliandika hivi, kwa mwalimu peke yake, saa kumi na mbili na nusu:

> "Habari za asubuhi mwalimu. Zuhura Rashidi wa 3B hatakuja leo, ana tetekuwanga. Vipele vimeanza jana Jumapili, kituo cha afya wamethibitisha. Ijumaa alikuwa darasani, kwa hiyo nimeona ujue mapema. Atarudi vipele vyote vikikauka, natarajia Jumatatu tarehe 18. Jumapili jioni nitakuthibitishia. Naomba unisaidie kujua kazi atakazokosa. Mama Zuhura."

Utaona lugha imekuwa kavu kidogo, na ndivyo ninavyoitaka. Jina la ugonjwa limetajwa bila kuzungushwa. Kwenye grupu ningetumia tafsida, "sababu za kiafya" au "afya haijakaa sawa", lakini kwa mwalimu tafsida ni kumfungia macho. Ukimwambia "mtoto hajisikii vizuri" hawezi kujua kama ni mafua ya siku mbili au ni kitu ambacho dawati zima litakipata. Na kuna jambo ambalo mzazi hawezi kulijua akiwa nyumbani: mwalimu mwenyewe anaweza kuwa mjamzito, au jirani yake wa ofisini. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga anatakiwa awaeleze kliniki mapema kwamba amekaa karibu na mgonjwa. Maneno "ana tetekuwanga" yanampa nafasi hiyo. Neno "hajisikii" linamnyima.

Tarehe nazo si za kupendezesha. Mtoto hukaa nyumbani hadi vipele vyote viwe vimeota magamba makavu, na kwa kawaida hilo huchukua kama siku tano tangu vianze, wakati mwingine wiki. Kutoka Jumapili tarehe 10, siku tano au sita zinaangukia Ijumaa na Jumamosi, basi Jumatatu tarehe 18 ni makadirio ya mtu mwenye busara. Mwalimu akishaipata anaandika "mgonjwa" wiki nzima bila kukupigia kila siku.

Na wazazi wengine, hawana haki ya kujua? Wanayo, ila wapate ugonjwa bila jina la mtoto, tena kutoka kwa mwalimu. Mchana mwalimu aliandika kwenye grupu:

> "Habari za mchana wazazi. Kuna tetekuwanga darasani kwetu. Kuanzia tarehe 18 hadi 29 mwezi huu naomba tuwaangalie watoto asubuhi kabla hawajatoka. Ukiona kipele cha maji au homa, mbakize nyumbani unijulishe inboksi. Mwenye mjamzito nyumbani ambaye hajawahi kuugua, awaone kliniki."

Tarehe zile zimetoka kwenye hesabu: dalili hujitokeza siku 10 hadi 21 tangu kukutana na mgonjwa, na mara ya mwisho Zuhura kukaa na wenzake ilikuwa tarehe 8. Mwalimu hakumtaja. Watu walikisia? Walikisia, watoto si wanasema nyumbani. Lakini kukisia ni tofauti na kusoma. Aliyekisia hana ujumbe wa kumnukuu mama Zuhura wala wa kumuuliza Ijumaa ilikuwaje.

Kama mama angeng'ang'ania kuandika grupuni, kwa kuwa watu wangemuuliza tu, ningemruhusu mstari mmoja: "Zuhura hatakuwepo shuleni wiki hii kwa sababu za kiafya. Mwalimu ana taarifa, tunaendelea vizuri." Kile "mwalimu ana taarifa" ni kama kufunga mlango kwa upole. Anayetaka kuuliza zaidi anaona kwamba mwenye kuulizwa ameshaulizwa.

Taarifa si ombi

Hapa ndipo lugha hupotea zaidi, na kosa lenyewe limo kwenye neno "naomba". Mtoto akiumwa huombi, unatoa taarifa. Huwezi kuomba ruhusa ya homa. Ila harusi, safari, kumsindikiza bibi hospitali, hayo ni maombi, na ombi maana yake mwenye kuombwa anaweza kukataa.

Mwaka huohuo baba mmoja aliandika grupuni: "Mwalimu naomba ruhusa ya wiki moja kwa kijana wangu, tunakwenda harusini Kigoma." Ilikuwa wiki mbili kabla ya mitihani ya muhula. Ndani ya robo saa wazazi wawili wakaandika, "Na wa kwangu pia mwalimu, tuna safari." Mwalimu akanyamaza hadi jioni. Nami nilimwelewa. Akikubali, amekubali kwa darasa zima. Akikataa, amemkatalia mtu mzima mbele ya mke wake na majirani. Lile ombi, kwa adabu yake yote, lilikuwa limemkaba koo.

Ukiliomba inboksi, unampa mahali pa kukataa bila mtu kuumia. Mimi husisitiza ombi liwe na sentensi inayofungua mlango huo waziwazi. Yule baba baadaye tulimwandikia hivi:

> "Habari za jioni mwalimu. Ni Baba Shija, Shija wa 3B. Tuna harusi ya mdogo wangu Kigoma Jumamosi. Naomba ruhusa ya Shija kuanzia Alhamisi hadi Jumanne. Tunakwenda kwa treni, ndiyo maana nimehesabu na Jumanne. Kama kuna jaribio siku hizo nieleze tu, tutamwacha kwa bibi yake Ng'ambo."

Wiki moja imegeuka siku nne za masomo, kwa sababu alipoulizwa siku kwa siku aligundua Jumatano hana sababu nayo. Treni imetajwa kwa kuwa kila mtu wa Tabora anajua: kutoka hapa hadi Kigoma ni kama kilomita 400 za reli, treni haiondoki kila siku, na ikichelewa imechelewa. Mtu anayeahidi "Jumatatu asubuhi atakuwepo" huku anasafiri kwa reli, anajitafutia uongo. Na yale maneno ya bibi wa Ng'ambo yanamwonyesha mwalimu kwamba akisema hapana, maisha ya mtu hayatasimama. Alijibu baada ya dakika kumi: Ijumaa kuna jaribio la hisabati, mtoto alifanye, aondoke baada ya hapo. Shija aliondoka na shangazi yake baadaye, akala pilau kama wengine.

Ruhusa ya siku nyingi mwalimu wa darasa huweza kumpelekea mwalimu mkuu, na shule nyingine zitataka barua. Ujumbe wenye jina kamili, darasa, tarehe na sababu anaweza kuuonyesha kama ulivyo. Lakini msigeuze WhatsApp kuwa jalada. Nimepokea rasimu inayoanza "YAH: RUHUSA YA MWANAFUNZI. Husika na mada tajwa hapo juu." Mimi ndiye niliyefundishwa kuandika hivyo, na nakwambia, kwenye simu inachekesha.

Pale grupu linapozidi inboksi

Msiba. Hapa nageuka kabisa. Ukifiwa, andika kwenye grupu, na uandike wewe au ndugu yako, usimwachie mwalimu. Kwetu msiba haufichwi, na wazazi wa darasa ni majirani wa namna yake; wapo watakaokuja kulala matanga, wapo watakaobeba kuni. Kumwandikia mwalimu peke yake kisha wengine wakasikia sokoni wiki ijayo, hilo huchukuliwa vibaya, na kwa haki.

Lugha ya msiba grupuni ina mambo matatu tu: nani amefariki na ni nani kwa mtoto, msiba uko wapi, mazishi lini.

> "Habari zenu wazazi. Tumefiwa na baba yetu mzazi, babu yake Neema. Msiba uko nyumbani kwetu Cheyo, mazishi kesho saa nane mchana. Neema mwenyewe hajambo, yuko pamoja nasi."

Sentensi ya mwisho nimeiweka tangu kisa cha Hamisi. Inaonekana ya ziada hadi siku mtu anaposoma haraka akaliona jina la mtoto na neno "tumefiwa" kwenye ujumbe mmoja.

Kisha mwalimu bado anahitaji wake, mstari mmoja: "Mwalimu, kama ulivyoona grupuni, naomba Neema apumzike hadi Ijumaa. Alikuwa akilala na babu yake, kwa hiyo akirudi ukimwona kimya utaelewa." Hilo la pili kamwe halikuwa la grupu.

Upande wa pili kabisa kuna sababu ambazo haziendi grupuni hata kwa tafsida: viatu vimekatika na hela haijapatikana, baba yuko mahabusu, nyumbani kumekuwa na ugomvi usiku, binti wa darasa la sita au la saba amepata hedhi na hana cha kujistiri. Hilo la hedhi mpe mwalimu wa kike, hata kama si wa darasa lake. Grupuni usiandike hata "ana dharura". Ukiandika dharura, utaulizwa dharura gani.

Salamu, na kule anakokosea mwenye adabu nyingi

Tabora ni mji wa misikiti na makanisa, kwa hiyo salamu ya dini moja grupuni huwaacha wengine mlangoni. "Habari za asubuhi wazazi na walimu" inawatosha wote. Inboksi, kama wewe na mwalimu ni wa imani moja na mmezoeana hivyo, salimianeni mnavyosalimiana.

Shikamoo ni suala la umri, si la chaki. Kuna bibi wa miaka zaidi ya sitini anayelea mjukuu, humwandikia mwalimu wa miaka ishirini na sita "Shikamoo mwalimu." Mwalimu huyo aliniambia hubaki ameduwaa, hajui aitikie au aombe radhi. "Habari za kazi mwalimu" ina heshima ya kutosha. Ukiwa wewe ndiye mdogo, mwalimu ni wa rika la mama yako, hapo shikamoo usiache, hata kama una haraka.

Sasa, adabu isimeze habari. Simu ikilia, kioo huonyesha maneno machache ya mwanzo tu. Ujumbe unaoanza "Habari za asubuhi mwalimu, pole na majukumu, natumaini umeamka salama pamoja na familia, sisi huku hatujambo kiasi" utaonekana kama salamu, na salamu husomwa jioni. Salimia kwa maneno manne, sentensi ya pili iwe na jina kamili la mtoto, darasa, na kwamba haji. Pole za majukumu zikae mwishoni. Grupuni ni kinyume: hapo salamu ndefu kidogo inapokelewa vizuri, kwa kuwa hakuna anayekimbilia kuita majina.

Angalieni pia "utanitumia kazi zake". Kwa mtu unayemjua ni ya kawaida, kwa mwalimu ni amri. "Naomba unisaidie kujua kazi alizokosa" ina urefu uleule na haimkwaruzi mtu.

Vifupisho vinaharibu zaidi ya adabu. "Mwl m2to anaumwa xaxa cjui ka atakuja" hufanya mwalimu ashuku kwamba aliyeandika ni mtoto mwenyewe kwa simu ya mama, na si mara moja ameshuku sawasawa. Akishuku anapiga simu. Asipopata jibu, ni mtoro.

Ujumbe wa sauti kwa mwalimu sioni tatizo kwa mzazi asiyependa kuandika, mradi uwe wa nusu dakika na jina litajwe mwanzoni. Grupuni usitume. Utafunguliwa ofisini kwa walimu sauti ikiwa juu.

Kama huna inboksi ya mwalimu

Walimu wengine hawatoi namba zao binafsi, na wana sababu. Wengine wameagiza kila taarifa ipite grupuni. Basi tii, lakini kwa mstari mmoja, "Zuhura Rashidi 3B hatafika leo, anaumwa. Maelezo mwalimu nitayaleta kwa karatasi," kisha umtume kaka yake na karatasi kweli. Kama grupu linaruhusu, unaweza kumjibu mwalimu kwa faragha kutoka kwenye ujumbe wake wowote; ila hakikisha jina lililo juu ya kioo ni la mwalimu, si la grupu, kabla ya kutuma.

Mwenye kitochi asidhani amepungukiwa. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, na hii hapa haifiki hata 90: "Mwl, Zuhura Rashidi 3B anaumwa tetekuwanga. Anarudi Jumatatu 18/11. Mama yake." Ukiniuliza, ni bora kuliko nyingi ninazoziona WhatsApp.

Na kama umeshateleza grupuni, kumbuka kurekebisha maneno kunawezekana ndani ya dakika 15 tu. Kufuta kwa wote kuna muda mrefu zaidi, siku mbili na ushee, lakini panabaki alama kwamba kuna kitu kimefutwa, na waliokwisha kusoma wamesoma. Mara nyingi kufuta kimyakimya huzaa maswali mengi kuliko ujumbe wenyewe. Andika mara moja ujumbe wa kusahihisha, mfupi, bila kujitetea.

Mama Hamisi hakujua hayo. Alifuta, kwa hofu, na zile pole kumi na tisa zikabaki zinaelea bila ujumbe ulioziita, jambo lililowathibitishia watu kwamba mama amechanganyikiwa kwa uchungu. Wawili walikuwa wameshatuma hela. Ilibidi nipige simu mwenyewe, kisha niandike: "Hamisi ni mzima, ana homa tu. Rambirambi zirudishwe." Mweka hazina alizirudisha, akalalamikia makato ya kutuma hadi leo.

Hamisi alirudi darasani Alhamisi. Watoto walikuwa wameshasikia nyumbani, wakamwita Marehemu mpaka shule zilipofungwa Juni. Wiki iliyopita alipata mafua, mama yake akamwandikia mwalimu inboksi saa kumi na mbili kamili, akaniletea nakala nione kama amepatia: "Habari za asubuhi mwalimu. Hamisi Juma hatakuja leo, ana mafua na homa. Kesho atakuja. Yupo."

Nikamwambia lile neno la mwisho alitoe. Akakataa.